Nipangeje wasifu wangu: mihadhara, wanafunzi niliosimamia na granti, paneli ya chuo na kampuni zote zinataka kuuona?

Mwalimu_wa_Maji (Kisumu)

Hamjambo wadau. Mimi ni mhadhiri wa kemia ya mazingira kwa chuo kimoja cha umma hapa upande wa ziwa, mwaka wa nane sasa. Nimeona kazi mbili na zote zinafunga mwisho wa mwezi, moja ni ya mhadhiri mwandamizi kwa chuo kingine, nyingine ni meneja wa maabara ya ubora wa maji kwa kampuni ya binafsi. Nimetuma wasifu kama huu mara tatu mwaka huu na sijaitwa intavyu hata moja, na rafiki yangu aliyeko kampuni alinipigia akaniambia ukweli, kwamba mtu wao alifika ukurasa wa pili akaacha.

Nawawekea vile nimeandika. Kufundisha: "Nimefundisha yuniti 31", halafu nimezitaja zote 31 na namba zake za kozi. Usimamizi: "Nimesimamia wanafunzi 11 wa uzamili na uzamivu". Granti: "Nimeleta ruzuku ya jumla ya KSh 18,880,000". Hiyo ni hesabu ya mradi wa Ghuba ya Winam wa 6,400,000 ambao tulikuwa vyuo vitatu, granti ya ndani ya chuo ya 480,000, na proposo ya milioni 12 ambayo tumeshapeleka tunangoja jibu.

Nifanye wasifu mmoja ama miwili? Na hizi namba nizipange vipi ndio msomaji wa chuo na wa kampuni wote wanielewe? Naomba mnijibu vile mnaona, hata kama ni vikali.

Baraka_Nakuru

Kaka mimi niko idara ya ajira kwa kampuni ya vyakula hapa Nakuru na hizi karatasi za wahadhiri nazisoma kila wiki. Jibu ni rahisi, ukurasa mmoja, toa mihadhara yote, toa wanafunzi wote, toa majina ya makongamano. Kampuni haijali ulifundisha nini, inajali ulitengeneza nini. Bakisha hiyo pesa peke yake, milioni 18 inavutia macho.

Otieno_K

Ndugu kama unatafuta granti angalia tangazo la Mfuko wa Taifa wa Utafiti likitoka, na uanze kibali cha utafiti cha NACOSTI mapema maana hakuna kuchukua sampuli bila hicho. Pia tafuta mwenza wa nje ya nchi, inasaidia.

Mwalimu_wa_Maji

Asante Otieno, lakini sitafuti granti mpya, nauliza vile ya kuandika hizi nilizonazo. Kibali tulikuwa nacho.

Mama_Njoro

Mwanangu, nimekaa kwa paneli za uteuzi na kupandisha vyeo kwa miaka mingi kabla nistaafu, wacha nikwambie kile tulikuwa tunafanya tukiona namba kama 18,880,000. Tulikuwa tunauliza barua ya kutunukiwa. Ile milioni 12 haina barua, kwa hivyo si granti, ni ombi, na ikishagunduliwa moja haina barua kila mtu mezani anaanza kushuku zingine. Nimeona mtu mwenye kazi nzuri akiangushwa na hiyo tu.

Halafu hiyo 6,400,000. Mlikuwa vyuo vitatu, wewe ulikuwa mtafiti mkuu ama mwenza? Na kwa akaunti ya chuo chako iliingia ngapi? Nijibu hayo kwanza.

Mwalimu_wa_Maji

Mwenza, mama. Mkuu alikuwa wa chuo kingine. Kwetu iliingia 1,900,000 na mimi ndiye nilikuwa naidhinisha matumizi. Ile ya 480,000 nilikuwa mkuu.

Mama_Njoro

Basi pesa uliyoishika ni 1,900,000 jumlisha 480,000, yaani 2,380,000, na uliyoiongoza mwenyewe ni 480,000. Usione haya, hiyo ni namba ambayo ukiulizwa saa yoyote unajibu bila kutetemeka. Kwa wasifu wa chuo iandike hivi:

"2021–2023. Ubora wa maji, Ghuba ya Winam. Mtafiti mwenza, vyuo vitatu. Jumla KSh 6,400,000, sehemu niliyosimamia KSh 1,900,000. Imekamilika, ripoti ya fedha imepokelewa."

Jumla inaonyesha ukubwa wa mradi, sehemu yako inaonyesha ulichobeba, na lile neno la ripoti ya fedha usiliache, maana granti ambayo haikufungwa ni deni la chuo na paneli inajua. Ile ya milioni 12 iweke chini kabisa peke yake, "imewasilishwa, inangoja uamuzi", isiingie kwenye jumla yoyote.

Sasa wanafunzi 11. Wamemaliza wangapi, na ulikuwa msimamizi wa kwanza kwa wangapi?

Mwalimu_wa_Maji

Wamemaliza 4, watatu masta na mmoja uzamivu. Wa kwanza nilikuwa kwa wawili, wote masta. Waliobaki 7 ni masta wote. Mmoja amewasilisha tasnifu kwa watahini, wawili wako kwa data, wawili wametetea proposo. Wawili wa mwisho nilipewa na idara lakini hawajawahi kuleta hata kurasa tano, na simu hawashiki.

Mama_Njoro

Unaona? Ukiandika 11 bila kueleza, mimi kwa paneli nitadhani unaficha kitu. Na kuna jambo lingine, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inaweka mwisho wa masta 5 na uzamivu 3 kwa msimamizi mmoja kwa mwaka. Wewe ukionyesha 7 wanaoendelea, mtu makini atauliza hao saba unawasoma saa ngapi. Hao wawili ambao hakuna kazi yoyote mliyofanya pamoja watoe, unabaki na 5 ambao kila mmoja ana hatua yake. Waliomaliza waandike kwa mwaka, shahada, kichwa cha tasnifu, na kama ulikuwa wa kwanza au wa pili. Miradi ya mwaka wa nne usiichanganye humo, ina mstari wake.

Achieng_Masta

Samahani naingilia. Mimi ni mmoja wa hao wanafunzi wa "simu hawashiki", si wako dokta, wa mtu mwingine chuo kingine. Karo ilinishinda muhula wa pili, nikaona aibu, nikaacha kushika simu. Msimamizi wangu naye kwa miezi saba hakuwa amesoma sura yangu ya kwanza. Mkiwatoa kwa karatasi sawa, lakini kabla hujawatoa mwandikie kila mmoja barua pepe moja. Mimi ningejibu.

Mwalimu_wa_Maji

Nimekusikia Achieng. Nitawaandikia leo jioni.

Fundi_Maabara_Kakamega

Mimi nilikuwa mtekinolojia wa chuo, sasa niko maabara ya maji ya kampuni, kwa hivyo hiyo kazi ya pili naijua. Baraka umesema toa kufundisha kote, hapo sikubali. Inategemea ni kufundisha gani. Dokta, hebu tupe muhula wako mmoja wa kawaida, masaa kwa wiki.

Mwalimu_wa_Maji

Muhula uliopita: yuniti tatu za nadharia masaa 3 kila moja, moja yao ni ya pamoja ya mwaka wa kwanza wanafunzi 380. Ya nne ni kemia ya uchanganuzi, mhadhara masaa 2 na praktiko masaa 3, lakini benchi ni 25 tu na wanafunzi ni 74, kwa hivyo praktiko nairudia kwa makundi matatu.

Fundi_Maabara_Kakamega

Hapo ndipo mali yako iko. Kwa wiki umesimama mbele ya watu masaa 20, yaani 9 ya nadharia, 2 ya mhadhara, na 9 ya maabara. Na hayo 9 ya maabara ni kupanga rijenti zisiishe katikati, kuangalia watu 25 wasimwage asidi, kukalibrisha spektrofotomita kabla kundi la pili halijaingia. Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa maabara kabisa, tofauti ni kwamba wewe umeiita "CHE" na namba mbele. Kwa kampuni yuniti 31 zote zifute, andika mstari mmoja wa hiyo maabara.

Na ule mradi wa Winam, mlichukua sampuli ngapi?

Mwalimu_wa_Maji

Vituo 6, kila mwezi kwa miezi 18, sampuli tatu kila kituo. 324. Fosforasi, naitreti na oksijeni. Tulikuwa na blanki za maji safi na sampuli za kuongezewa kiasi kinachojulikana kwa kila bechi, nilikuwa na wasaidizi wawili na dereva wa boti. Mwezi wa nne fosforasi ilikuwa inasoma juu kwa vituo vyote hata blanki, tukapata chupa zilioshwa na sabuni yenye fosfeti, tukatupa bechi nzima tukarudi ziwani.

Fundi_Maabara_Kakamega

Hiyo ya sabuni ndiyo wasifu wako wa kampuni! Iandike: "Niliongoza watu 3 kuchukua na kupima sampuli 324 kwa miezi 18 kwa bajeti ya KSh 1,900,000. Niligundua uchafuzi wa fosfeti kupitia blanki, nikabadilisha uoshaji wa chupa, nikarudia bechi." Anayesoma ataona unajua matokeo mabaya yanavyotambulika. Wataulizia pia ISO/IEC 17025, kile kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji. Kama umefunzwa, sema umefunzwa, lakini usiseme maabara yenu imeidhinishwa kama haijaidhinishwa, wanaangalia.

Baraka_Nakuru

Sawa, kwa hiyo ya maabara nimekubali, sikujua praktiko inabeba hayo yote. Lakini kwa ukurasa mmoja nasimama, labda miwili kwa kazi ya umeneja. Na ile milioni 18 nimeiondoa mdomoni mwangu.

Mama_Njoro

Kwa upande wa chuo angalia kitu kimoja, mwanangu. Kipimo cha Tume kinahesabu saa 3 za praktiko kama saa 1 ya mhadhara. Kwa hivyo mzigo wako ni 9 jumlisha 2 jumlisha 3, ni 14 ukihesabu makundi yote matatu. Idara ikihesabu praktiko mara moja tu ni 12. Andika zote, masaa halisi 20 na mzigo 14, na useme makundi ni matatu. Na idadi ya 380 iweke, kusahihisha karatasi 380 si sawa na 40.

Kiprono_Njoro

Mama kwetu idara hairuhusu kuhesabu makundi ya marudio, inasema ni yuniti moja. Akiandika 14 na mkuu wa idara wake aandike 12 kwa barua, si itaonekana amedanganya?

Mama_Njoro

Ni kweli vyuo vinatofautiana, nimeona ya aina zote mbili. Ndio maana nasema makundi yatajwe waziwazi, mwenye kutaka 12 ataiona. Lakini dokta mwulize mkuu wa idara wako kwanza anaandika ipi.

Mwalimu_wa_Maji

Nimefungua ekseli mpya: mwaka, yuniti, masaa, makundi, idadi, halafu shiti ya wanafunzi na hatua zao, halafu ya granti na barua zake. Wasifu zote mbili nitazitoa humo. Swali la mwisho, pati-taimu niliyofundisha miaka miwili kwa kampasi nyingine, niiweke?

Baraka_Nakuru

Kwa kampuni iweke, inaonyesha bidii.

Kiprono_Njoro

Kwa chuo mimi ningeogopa kama mwajiri wako hakukupa ruhusa kwa maandishi.

Mwalimu_wa_Maji

Ruhusa ilikuwa ya mdomo, kutoka kwa mkuu wa idara ambaye amehama. Nitamtafuta.