Yule jamaa wa asiransi pale mjini, mnamjua wote. LEO AMENIKOSEA

Dada wa Katuba:
Wakubwa kwa wadogo, jambo yenu. Yule jamaa wa asiransi, yule wa kiti cha kuzunguka na simu tatu mezani, msinifanye nimtaje. Natoka biro yake sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Nasafiri na mama kwenda Liège, arusi ya mdogo wangu. Jamaa akanipa karatasi mbili za asiransi ya safari nilinganishe: moja dola 38 kwa mtu, ya pili 61. Juu zote zimeandika euro 30,000 za matibabu, zile ambazo viza ya Shengeni inazidai. Chini, kwa herufi za sisimizi, ile ya 38 ina franshizi ya euro 250, ndiyo ile feza unajilipia wewe kwanza mbele wao walipe. Nikauliza kwa heshima: baba, hii 250 ni ya safari nzima ao kila mtu akiugua? Akacheka mpaka kiti kikamzungusha akaangalia ukuta. Akasema: "Mama, wewe utakufa mbele ya kuilipa."

UTAKUFA MBELE YA KUILIPA. Na mama yangu ameketi pale, miaka 71, ana tension, ameshika mkoba kwa mikono miwili, anasikia yote.

Nikauliza: safari ikivunjika, tiketi inarudi? Akasema zote ni moja, ni karatasi ya viza tu. Si moja! Ya 61 inalipa tiketi hadi euro 1,000, ya 38 haina hata mstari. Hilo nimelisamehe. Lakini utakufa? Kwa mteja? Mbele ya mzazi?

Mzee wa Kamalondo:
Na bado unaandika. Basi jamaa ni mwongo.

Fundi Dosie:
Dada, pole. Swali lako lilimbana, ndiyo maana alicheka. Mara nyingi franshizi ni ya kila tukio na ya kila mtu, labda karatasi iseme vingine. Tuseme mama anaugua tumbo kule, daktari na dawa vinafika euro 220. Hamlipwi kitu, kwa kuwa haijavuka 250. Ikifika 900, mnalipwa 650. Wiki inayofuata akiteleza akavunjika mkono, 250 inaanza upya. Na wewe ukiugua, una 250 yako.

Lakini usikimbilie ya 61 bado. Tafuta mahali wanaposema magonjwa ya zamani. Tension aliyoondoka nayo hapa, asiransi nyingi zinaikataa, ao zinalipa huduma ya haraka tu mpaka atulie. Hapo zile 30,000 hazikusaidii. Halafu wengi wanapandisha bei kwa wazee. Kama bei ya mama na yako ni sawa, angalia jamaa ameandika mwaka gani wa kuzaliwa.

Dada wa Katuba:
Subiri nitazame... AMEANDIKA WANGU. Kote kuwili! Mama kwenye karatasi ana miaka 34! Na huyu ndiye wa kuniambia nitakufa!

Mzee wa Kamalondo:
Mama amepata mchumba Liège, huyo.

Kaka wa Ruashi:
Mambo ya tiketi usiogope. Viza ikikataliwa wanarudisha feza yote. Mimi walinirudishia.

Fundi Dosie:
Walikurudishia bei ya asiransi, ukionyesha barua ya kukataliwa. Tiketi je?

Kaka wa Ruashi:
Tiketi ilikwenda. Lakini najua yenye franshizi ubalozi hawaipokei.

Mama Nyawera:
Mtoto wangu, yake ilikuwa nayo na viza akapata.

Kaka wa Ruashi:
Labda hawakusoma.

Kijana wa Himbi:
Nyinyi wa Lubumbashi mnalilia Liège. Mimi wa Goma nilikuwa nabebea watalii mizigo Nyiragongo, kabla mlima haujatapika Mei 2021. Mmoja aliteguka mguu. Asiransi yake iliruhusu kupanda mpaka mita 3,000, na kilele kiko 3,470. Wakapiga simu wakiuliza: ameangukia mita ngapi? Mtu analia, wanataka mita! Na siku yangu sijalipwa hadi leo.

Fundi Dosie:
Na kama serikali yao ilishawaambia wasije Goma, mara nyingi hata angeangukia hotelini wasingelipa.

Kijana wa Himbi:
Siku yangu ilikuwa haihusu serikali yao.

Mama Nyawera:
Afazali ninyi. Mimi Zanzibar nililipa dola 44 za ile asiransi yao ya lazima, iliyoanza Oktoba 2024, na yangu nyingine nimeishika mkononi. Yule kijana aliyenilipisha hakuitazama hata.

Dada wa Katuba:
Jamani, uzi huu ni wa UTAKUFA MBELE YA KUILIPA!

Mzee wa Kamalondo:
Mama Nyawera, Zanzibar ulipanda ndege gani? Ile yangu ilinipotezea sanduku.

Mama Nyawera:
Ile ile! Na wewe? Hebu eleza.