Ushauri: methali gani ya Kiswahili inabeba maana ya ndege mkononi na wawili kichakani?

Mfasiri wa Usiku

Wanajukwaa, salamu. Ninafasiri kutoka Kiingereza hadithi fupi ya mkulima anayemuuza ng'ombe wake mnadani. Mchinjaji mmoja ana pauni 20 mkononi na yuko tayari kuzitoa papo hapo, ilhali mgeni asiyejulikana anaahidi pauni 40 baada ya mavuno. Mke wa mkulima anamkumbusha mumewe kwamba ndege mmoja aliye mkononi ana thamani ya wawili walio kichakani. Mume hasikii. Kurasa tatu baadaye anarudi kutoka kumtafuta mgeni yule, mikono mitupu, na mke anamuuliza iwapo ndege wake bado wako kichakani.

Kwa sasa nimeandika "ndege mmoja mkononi ni bora kuliko wawili kichakani", na najua wengi tumeizoea, lakini kila nikiisoma kwa sauti naona mama huyu anazungumza kama kitabu cha darasani. Natafuta methali ambayo mwanamke wa kijijini angeitamka bila kufikiri, na ambayo nitaweza kuirudia kwa kejeli katika ukurasa ule wa baadaye.

Jembe la Asubuhi

Ndugu, mbona jibu liko wazi? Haba na haba hujaza kibaba. Mama anamfundisha mumewe aridhike na kidogo, kwa kuwa kidogo kidogo ndicho kinachokuwa kingi.

Mfasiri wa Usiku

Ahsante, ila mama hazungumzii kuweka akiba. Pauni 20 zile zinalipwa mara moja na biashara inaisha. Hakuna kibaba kinachojazwa hapo.

Mwana wa Bandarini

Mimi ningetumia "fimbo ya mbali haiui nyoka", kwa sababu kitu kilicho mbali hakikusaidii. Ukiona haitoshi, chukua "mshika mbili moja humponyoka", ambayo inamgusa mkulima mwenye tamaa.

Mhariri Mstaafu

Mwana wa Bandarini umekaribia, lakini hebu tuzipime methali zako kwenye tukio lenyewe. Fimbo ya mbali inasemwa pale nyoka amekwisha kuingia ndani, yaani pana dharura na msaada uko mahali usipofikika, ndiyo maana watu huitumia wakimzungumzia jamaa tajiri anayeishi ng'ambo wakati mgonjwa yuko hapa nyumbani. Mkulima wetu hana nyoka. Nayo mshika mbili inamhusu anayetaka vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu mwenye kazi mbili za saa zilezile, wakati huyu mkulima ameachia kimoja kwa hiari yake ili afuate kingine.

Inayofaa, kwa maoni yangu, ni "heri kenda shika kuliko kumi nenda uje". Sikilizeni ilivyoundwa: kenda ni tisa, na anayekupa anasema "shika", pesa inaingia kiganjani, mwenye kumi anasema "nenda uje", maneno yaleyale ambayo kila mwenye kudai amewahi kuambiwa mlangoni kwa mdaiwa. Tofauti na ndege na kichaka, hii ni methali ya sokoni tangu mwanzo, na hadithi yako ni ya mnadani. Aliyeitunga, kama ningebahatisha, alikuwa amechoka kufuata deni lake.

Mstari wa Chini

Naomba kuingilia, japo kazi yangu ni maandishi ya chini ya filamu na si vitabu. Wateja wangu wengi wananiruhusu herufi 42 kwa mstari mmoja. Methali ya Mwalimu Mhariri Mstaafu ina herufi 38 pamoja na nafasi, kwa hiyo inakaa mstari mmoja, wakati ile ya ndege mmoja mkononi inafika 51 na inanilazimu niikate baada ya "bora", mahali ambapo mtazamaji anabaki akiningojea. Kuna filamu niliyoifanya mwaka jana ambamo ningeokoka kama ningeijua mapema.

Kijana wa Isimu

Kwa heshima, Mwalimu, nina mashaka mawili. La kwanza ni hesabu. Kati ya kenda na kumi pana pengo la moja tu, hivyo methali hiyo inamshauri mtu apoteze kidogo ili apate uhakika. Katika Kiingereza ndege mmoja analinganishwa na wawili, na mwandishi ameweka makusudi pauni 20 dhidi ya 40, yaani mara mbili kamili. Ukiweka kenda na kumi, kishawishi cha mkulima kinapungua na anaonekana mpumbavu zaidi kuliko alivyoandikwa.

La pili ni neno lenyewe. Nilimsomea methali hii mdogo wangu wa kidato cha pili, naye akadhani "kenda" ni "kwenda" lililoandikwa vibaya. Ningependekeza "usiache mbachao kwa msala upitao".

Mhariri Mstaafu

Shaka la kwanza ni zito kuliko unavyodhani, maana hata tafsiri tuliyoizoea ina kosa hapo: Kiingereza hakisemi ndege wa mkononi ni bora kuliko wawili, kinasema thamani yake ni sawa na wawili. Hata hivyo, sijamsikia mtu yeyote akizihesabu kenda na kumi anapoisema methali ile. Anayesikika ni yule "shika" na yule "nenda uje". Bei zenyewe zimo ndani ya hadithi, na msomaji atazipima mwenyewe.

Kuhusu kenda, mdogo wako amjue Mmijikenda: jina hilo lina maana ya miji tisa. Tena "kumi" inayofuata inamsaidia msomaji kubahatisha kwamba neno la kwanza ni hesabu.

Mbachao sikubaliani nayo hapa. Huo ni mkeka wako mkuukuu, umeusalia miaka mingi, na msala upitao ni mzuri lakini si wako. Methali hiyo inabeba uaminifu kwa cha zamani, ndiyo sababu huwa inamwangukia mume anayemwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke mpya. Mke wa mkulima akiitamka, msomaji wa Kiswahili atageuka kumtafuta huyo mwanamke wa pili.

Mwana wa Bandarini

Hilo la mwanamke wa pili limenichekesha, lakini ni kweli kabisa.

Mfasiri wa Usiku

Nimeijaribu usiku huu na ukurasa wa baadaye umefunguka wenyewe. Mwanzoni mama anasema: "Mume wangu, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje." Mume anaporudi kutoka mjini, badala ya swali la ndege, nimeandika hivi:

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Na umekuja. Wamekwambia uende tena lini?"

Naona kejeli imebaki na hata imekuwa kali kuliko ya asili, kwa kuwa kwenda na kuja ndiko alikokuwa akifanya mkulima siku hiyo nzima. Pauni 20 na 40 nimeziacha zilivyo.

Kimebaki kikwazo kimoja. Jina la hadithi kwa Kiingereza lina maana ya "Kichakani", na mchapishaji ameshachora jalada lenye ndege wawili juu ya tawi. Mhariri wake anataka ndege wabaki popote, hata kwa kuongeza sentensi.

Kijana wa Isimu

Mwache ndege atue juu ya uzio wakati mama anapozungumza.

Mhariri Mstaafu

Hapana, hiyo ni kumwandikia mwandishi kitu asichokiandika. Jalada si maandishi. Mwombe mchapishaji alibadilishe au alivumilie. Jina la hadithi ndilo gumu, na kwa hilo sina jibu bado.