Mauzo yameshuka asilimia 10, faida kwa hisa imeshuka asilimia 60. Tumeibiwa?

Mwanahisa wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua hesabu za kampuni. Tuna kampuni ya kukoboa na kusaga mahindi hapa Uyole, Mbeya, hisa zote ni 10,000. Mwaka jana tuliuza sembe ya milioni 600, kila hisa ikapata faida ya shilingi 2,100. Mwaka huu mteja wetu mkubwa wa jumla kule Tunduma amepunguza oda, mauzo yakawa milioni 540. Mhasibu kaleta kikaoni faida ya shilingi 840 kwa hisa. Watu wamewaka, wanataka meneja aondoke.

Hesabu alizotupa ni hizi. Mahindi, viroba, umeme wa mashine na mafuta ya gari: mwaka jana milioni 420, mwaka huu 378. Mishahara, pango, ulinzi na uchakavu wa mashine: milioni 120 miaka yote miwili. Riba ya benki: milioni 30 miaka yote miwili, mkopo ni milioni 200. Kodi asilimia 30. Jumamosi tunakaa tena. Hii inawezekana kweli bila wizi?

Kijana wa Mwanjelwa
Mkuu hapo mmepigwa. Mauzo yakipungua kumi, faida inapungua kumi, labda kumi na tano. Sitini? Badilisheni kufuli za stoo kabla ya Jumamosi.

Mama Parachichi Njombe
Si wizi, ni mkopo. Benki haijali umeuza au hujauza, milioni 30 yake iko palepale. Lipeni deni lote na faida yenu itaenda sambamba na mauzo.

Mhasibu Mstaafu, Iringa
Ndugu mwanahisa, nimezipitia hesabu zako na zinakwenda sawa zenyewe kwa zenyewe. Dada yangu wa Njombe ameshika upande mmoja tu, maana kuna ngazi mbili zinazozidisha, na mkopo ni ya pili.

Anza na ya kwanza. Mwaka jana, baada ya kutoa mahindi, viroba, umeme na mafuta, mlibaki na milioni 180. Mwaka huu milioni 162. Hapo kweli mmeshuka asilimia 10, sawa na mauzo. Lakini mishahara na pango havikushuka hata shilingi, ni milioni 120 ileile. Kwa hiyo faida kabla ya riba ilitoka milioni 60 ikaja 42. Hiyo ni asilimia 30, na benki bado hatujaigusa. Mngekuwa hamna deni kabisa, bado mngeanguka kwa asilimia 30.

Sasa ingia ngazi ya pili. Toa riba milioni 30: mwaka jana ilibaki 30, mwaka huu imebaki 12. Hapo ndipo asilimia 60 inapatikana. Kodi haibadilishi uwiano, kwa sababu inakata asilimia 30 pande zote mbili: milioni 21 kwa hisa 10,000 ni 2,100, na milioni 8.4 ni 840. Mhasibu wenu hajakosea.

Gharama za kudumu zimezidisha mara 3, riba imezidisha mara 2. Vizidishi hivi havijumlishwi, vinazidishana: 3 mara 2 ni 6. Kila asilimia moja ya mauzo ilikuwa inasogeza faida kwa hisa asilimia sita, kupanda au kushuka. Mngeuza milioni 660 mwaka huu, hisa ingepata 3,360 na meneja angepigiwa makofi, pengine bila kufanya chochote cha ziada.

Kijana wa Mwanjelwa
Sawa mzee, nimekuelewa. Kwa hiyo mwaka ujao wakishuka tena kumi, wanapoteza sitini nyingine?

Mhasibu Mstaafu, Iringa
Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ile sita ilikuwa ya pale walipokuwa kwenye milioni 600, yaani 180 gawanya kwa 30 iliyobaki baada ya riba. Sasa gawanya 162 kwa 12, unapata 13.5. Wamesogea karibu na sifuri, kwa hiyo mtikisiko umekuwa mkali zaidi. Wakishuka asilimia 10 nyingine, yaani milioni 486, baada ya mahindi na wenzake watabaki na 145.8. Toa 120, toa riba 30, ni hasara ya milioni 4.2.

Fundi Mbao Mafinga
Mimi nina mashine ya kupasua mbao kwa mkopo. Masika malori hayaingii msituni, lakini rejesho la kila mwezi linadaiwa vilevile. Je, benki inaweza kukubali nilipe wakati wa kiangazi tu?

Mhasibu Mstaafu, Iringa
Fundi, omba ratiba inayofuata msimu, baadhi ya benki huzungumzika. Ila lako ni la fedha mkononi. Rejesho la mtaji wa mkopo halipunguzi faida, riba ndiyo inayopunguza. Hata hivyo wa Uyole nao walitazame: faida ya milioni 8.4 haimaanishi kuna fedha ya kulipia deni.

Mwanahisa wa Uyole
Asante sana mzee wangu. Kuna mwenzetu anapendekeza tuuze hisa mpya 5,000 kwa shilingi 20,000 kila moja, hiyo milioni 100 tupunguze nusu ya deni. Wengine wanasema tutagawana faida na watu wengi mno.

Mhasibu Mstaafu, Iringa
Wote wana hoja. Riba itashuka hadi milioni 15, hisa zitakuwa 15,000. Kwa mauzo ya milioni 600, kila hisa inapata 2,100, sawasawa na mkibaki na hisa 10,000 na deni lote. Kwa 540 mngepata 1,260 badala ya 840. Kwa 660 mngepata 2,940 badala ya 3,360. Kwa hiyo jibu liko Tunduma: yule mteja anarudi au harudi? Mkiona mauzo yatakaa chini ya milioni 600, hisa mpya zinawafaa. Mkiona yatapita, kaeni na deni.

Kuna na njia ya kugusa ngazi ya kwanza. Wapakiaji wanaolipwa kwa mwezi wakilipwa kwa kiroba, sehemu ya ile milioni 120 itashuka pamoja na mauzo. Ila mwaka mzuri mtawalipa zaidi, na lazima wao wenyewe wakubali.

Mama Parachichi Njombe
Mzee, vipi kama kilichoshuka ni bei, kilo zikabaki zilezile? Huku kwetu parachichi bei ndiyo inayotuumiza.

Mhasibu Mstaafu, Iringa
Umegusa penyewe, dada. Hesabu yangu yote inahusu kilo. Wangeuza kilo zilezile kwa bei pungufu asilimia 10 huku mahindi wameyanunua bei ileile, gharama ya milioni 420 ingebaki palepale. Wangebaki na 120, ikalingana na gharama za kudumu, na riba yote ikawa hasara ya milioni 30. Kwao gharama za mahindi na wenzake zimeshuka na kubaki asilimia 70 ya mauzo, ndiyo maana naamini ni kilo zilizopungua.

Hilo halimsafishi meneja moja kwa moja. Kama sembe imeuzwa nje ya vitabu, mahindi yake yangekuwa yametumika, na ile asilimia 70 ingepanda, isipokuwa kama na mahindi yenyewe yameingia bila kuandikwa. Chukueni kilo za mahindi yaliyoingia mashineni, mlinganishe na kilo za sembe na pumba zilizotoka, miezi ya mwaka jana na ya mwaka huu.

Kijana wa Mwanjelwa
Na pumba? Wafugaji wanazigombania. Zimo kwenye hiyo milioni 540?

Mwanahisa wa Uyole
Pumba sijui. Zinauzwa getini kwa fedha taslimu, na daftari lake sijawahi kuliona kikaoni. Nitalidai Jumamosi.