Kuchapa utenzi wa babu kutoka picha za daftari: maneno yaliyokatwa niyafute, niyaonyeshe, au nichape mara mbili?

Mjukuu_wa_Shela
Asalaam alaikum wakubwa. Nina picha za daftari la marehemu babu yangu, utenzi aliouandika kwa mkono. Kila ukurasa umejaa maneno yaliyokatwa na mengine yameandikwa juu yake. Ijumaa nampelekea mchapaji Mombasa na anataka nimwambie nachagua nini. La kwanza ni kuchapa maneno ya mwisho tu, yaliyokatwa yasionekane. La pili ni kuyaacha yakiwa na mstari katikati. La tatu ni nakala mbili, lakini hapo analipisha mara mbili. Nyie mngekuwa mimi mngechagua lipi?

Bakari_Printa
Hilo la kwanza bila kufikiri. Nimechapa kazi za watu miaka kumi na mbili. Neno la chini likikatwa limekufa, chukua la juu, songa mbele. Msomaji hataki kuona makovu.

KalamuNyekundu
Waalaikum salaam. Ndugu, hujasema mambo ambayo bila hayo hatuwezi kukusaidia. Utenzi huu ni wa kusomwa na familia au unataka kuuchapisha kitabu? Masahihisho yote ni ya mkono wa babu? Kalamu ni moja au zaidi? Na picha ni za rangi, au zimepigwa kwa ile programu ya simu inayogeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe?

Bakari, kanuni yako inafaa pale neno la chini limekatwa kweli. Waandishi wengi huandika neno la pili juu ya la kwanza *bila* kukata la kwanza. Maana yake bado hawajaamua. Ukichukua la juu, umemwamulia marehemu.

Sudi_wa_Tanga
Mimi pia nilitafuta programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, nikakuta zinasoma vizuri chapa lakini mwandiko wa mkono zinakosea. Jaribu kupiga picha mchana karibu na dirisha.

Mjukuu_wa_Shela
Ndugu Sudi, kusoma nasoma mwenyewe, mwandiko wa babu naujua. Shida yangu ni yale yaliyokatwa.

KalamuNyekundu, ni kurasa 64. Picha alinitumia binamu kutoka Lamu, na ndiyo, ni nyeusi na nyeupe. Nia ni familia kwanza, kitabu baadaye inshallah. Sikuwahi kufikiria habari ya kalamu.

MamaVikoba
Mwanangu, usimpelekee mchapaji picha hizo ukamwachia aamue. Nikueleze yaliyotupata.

Kikundi chetu cha akina mama kiliandika katiba kwa mkono. Kifungu cha mikopo kilisema mwanachama atakopa hadi mara mbili ya akiba yake. Kikaoni tukabadilisha, katibu akakata "mbili" kwa mstari mwembamba wa penseli akaandika "tatu" juu. Akapiga picha kwa simu, akaituma kwa kijana wa steshenari. Penseli haikuonekana vizuri kwenye picha. Kijana akachapa "mara mbili tatu ya akiba yake". Kulikuwa pia na sentensi pembeni yenye mshale, kuhusu faini ya kuchelewa. Mshale ulikwenda kifungu cha saba, yeye akaitia cha nane, ambacho kinahusu misiba. Ikawa mtu akichelewa msibani anatozwa faini ya mkopo! Tulisaini wote bila kusoma tena, kwa sababu karatasi ilikuwa safi na ya kupendeza. Mwaka wa pili mwenzetu mmoja alidai mara tatu, mweka hazina akashikilia mara mbili. Tulipotafuta daftari, lilikuwa limetupwa, na picha ilishafutwa kwenye simu. Watu wawili walijitoa kikundini, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu tangu shule.

Kwa hiyo mimi nasema nakala mbili, hata kama ni ghali.

KalamuNyekundu
Pole sana Mama. Angalia alipokosea mchapaji: alichapa neno lililokatwa *na* lililoongezwa. Hilo ni kosa la kawaida, na kwa bahati utenzi una kipimo cha kulikamata.

Kwa kawaida kila kipande cha utenzi kina mizani 8. Chukua mfano huu niliotunga. Babu ameandika "Safari yetu ni ndefu". Hesabu: sa-fa-ri-ye-tu-ni-nde-fu, nane. Kisha mkato unapita juu ya "yetu" na juu yake kuna "ya leo". Ukichapa kama unavyoona, unapata "Safari ya leo ni ndefu", mizani 9. Imezidi moja. Rudi kwenye picha, ikuze, ufuate mkia wa mkato. Mara nyingi utaona wino umegusa "ni" pia. Alikusudia "Safari ya leo ndefu", nane kamili na kina cha "fu" kiko palepale.

Lakini mizani inakuonyesha palipo na kosa tu, haikuchagulii neno. Kama maneno yote mawili yana mizani sawa na hakuna lililokatwa, hapo andika la chini na uweke la juu pembeni.

Ukiona pia vitone chini ya neno lililokatwa, usilifute. Ni alama ya wahariri: mwandishi amejirudi, neno libaki.

Bakari_Printa
Vitone sikuvijua, nakubali. Lakini nakala mbili ni kumtia kijana gharama. Kama ataweka alama, faili moja inatosha.

KalamuNyekundu
Hapo uko sawa. Chapeni faili moja hivi:

```
Safari [-yetu ni-] [+ya leo+] ndefu
```

Nakala safi mnaitoa LibreOffice, kwenye Find & Replace mkiwa mmewasha Regular expressions. Kwanza tafuta ya juu, kisha ya chini, zote mbili mkiacha kisanduku cha Replace kitupu kabisa, bila hata nafasi:

```
\[-.*?-\] ?
\[\+|\+\]
```

Faili yenye alama isiguswe, hiyo ndiyo ushahidi. Na lile daftari lipigwe picha upya, kwa rangi. Ukurasa ambao wino umevuja kutoka upande wa pili, mstari wa nyuma unaonekana kama mkato. Ukitilia shaka, igeuze picha ya ukurasa wa nyuma kama kwenye kioo, ulinganishe.

Ustadhi_Pate
Na mwambie mchapaji asikusahihishie Kiamu! Atakuta "nti" aandike "nchi".

Sudi_wa_Tanga
Ustadhi, vijana wa leo "nti" wataielewa? Kuandika "nchi" ni kuwasaidia.

Ustadhi_Pate
Kama vipande vingine vya ubeti vinaishia "kiti" na "mti", ukiandika "nchi" umeua kina. Anayetaka msaada awekewe faharasa nyuma.

Sudi_wa_Tanga
Faharasa hakuna anayeifungua. Mimi ningeweka "nchi" palipo katikati ya kipande, mwishoni niache.

Mjukuu_wa_Shela
Ijumaa nimeahirisha. Binamu amepiga upya kurasa tano za kwanza kwa rangi, na nimeshtuka. Kuna kalamu ya bluu, ambayo ni babu, na kuna nyekundu iliyokata beti tatu nzima. Herufi "k" ya nyekundu si ya babu. Shangazi anasema rafiki mmoja wa babu, mwalimu, alikuwa akimsomea. Je, beti hizo niziweke kwenye nakala safi au la?

KalamuNyekundu
Kuna bluu yoyote *baada* ya nyekundu? Yaani babu ameandika juu ya wino mwekundu, au amebadilisha neno ndani ya beti hizo?

Mjukuu_wa_Shela
Kwenye ubeti mmoja tu, ameongeza neno. Zile mbili nyingine hakuna kitu.

Bakari_Printa
Basi huo mmoja aliutaka.

MamaVikoba
Au aliongeza kabla mwalimu hajaukata. Muulize shangazi kama huyo mwalimu yu hai.