MREJESHO: Wateja waliokuwa wananiuliza kama vitabu ni vipya

Niliuliza hivi: "Nauza vitabu vya sekondari vilivyotumika, niko chuo Dar. Tangazo linasema wazi ni mtumba, lakini kila mtu anauliza 'ni kipya au cha zamani?' Niandikeje waelewe?"

Wakuu, asanteni. Mimi ndiye sikuwa nimeelewa.

Mama mmoja aliniuliza swali hilohilo kuhusu kitabu cha Hisabati. Nikamjibu kimetumika kidogo, jalada zima, akanunua kwa shilingi 6,000. Kesho yake akarudi: mwalimu amekikataa, ni cha mtaala wa zamani. Niliumia, nikamrudishia hela yake yote. Kumbe alichouliza ni mtaala, si hali ya kitabu.

Mtaala mpya ulianza 2024 kwa awamu, kwa hiyo mitaala miwili inatumika kwa pamoja, na kitabu kinachomfaa kaka kinaweza kisimfae mdogo wake. Mwaka wa kuchapwa nao hautoshi, maana kitabu kilekile huchapwa tena na tena. Afadhali kufananisha orodha ya mada na muhtasari anaotumia mwalimu.

Sasa kila tangazo lina picha tatu: jalada, ukurasa wa haki za mchapishaji, na yaliyomo. Naandika kidato na mtaala juu kabisa, hali ya kitabu chini. Wanaoniandikia wiki hii wanauliza kama kuna kurasa zilizochanika. Hilo najibu kwa kuzihesabu kurasa mbele yao.