Tupeane uzoefu: Unapimaje kama ukimya wa grupu la WhatsApp ni "mzunguko wa ukimya" au ni kitu kingine?

Kipanga_wa_Nkuhungu

Wadau wa Dodoma na majirani zetu wa Singida, habari za jioni. Naandaa utafiti kuhusu nadharia ya mzunguko wa ukimya, ile ya Mjerumani Elisabeth Noelle-Neumann ya mwaka 1974. Anasema mtu hupima upepo kwanza. Akiona yuko upande wa wachache hunyamaza kwa kuogopa kutengwa, na ukimya wake unaufanya upande wa pili uonekane mkubwa kuliko ulivyo, hivyo wengine nao wananyamaza. Nataka kuipima kwenye magrupu ya mitaa hapa mjini. Mpango wangu ni kumwomba admini anihamishie mazungumzo yote, nihesabu walioandika na wasioandika. Mwenye ujuzi wa kupima mambo haya atueleze pa kuanzia na mahali panapoharibika.

Mama_Takwimu

Ndugu yangu, kuhesabu wasioandika hakutakufikisha popote. Kwenye grupu la watu 60, zaidi ya nusu hawaandiki hata mtu akiuliza maji yanarudi saa ngapi. Wengine wamezima sauti ya grupu, wengine bando limekata, wengine jambo haliwahusu. Ukimya huo wote nadharia haiugusi.

Unahitaji kujua mambo matatu kwa mtu mmoja yuleyule: yeye anaamini nini, anadhani wengi kwenye grupu wanaamini nini, na je, alisema au alinyamaza. Wanafunzi wengi hulisahau hilo la pili, nalo ndilo moyo wa nadharia. Mtu anaweza kuwa upande wa wengi bila kujua, akanyamaza kwa sababu anajiona yuko peke yake. Kinachomziba mdomo ni kile anachodhani kuhusu wenzake, hata kama hesabu halisi ni nyingine.

Halafu angalia mada. Noelle-Neumann mwenyewe alisisitiza kwamba nadharia inafanya kazi pale jambo lina uzito wa kimaadili, yaani mtu anaweza kuonekana mbaya kwa msimamo wake, siyo tu kuonekana amekosea. Ukiuliza rangi ya sare za kwaya hutapata kitu. Ukiuliza kama kaya isiyochangia misiba mitatu mfululizo itolewe kwenye chama cha kufa na kuzikana, hapo umepata mada.

Fundi_Bando

Mimi naona nadharia hii imepitwa na wakati. Ilitungwa enzi za televisheni. Mtandaoni mtu yuko chumbani kwake, hakuna anayemkazia macho, kwa hiyo anasema chochote. Angalia matusi ya mtandaoni, huyo anaogopa kutengwa kweli?

Mama_Takwimu

Fundi, una nusu ya ukweli. Mtu asiyejulikana jina husema zaidi, sikatai. Lakini grupu la mtaa siyo mahali pa kujificha. Namba yako ipo, jina lako lipo, na kesho asubuhi unakutana na yuleyule uliyempinga kwenye foleni ya bodaboda. Anayekusoma ndiye atakayekuja kwenye msiba wako.

Na takwimu haziko upande wako. Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza Wamarekani watu wazima 1,801 kuhusu siri za ujasusi alizofichua Snowden. Asilimia 86 walikuwa tayari kulizungumza ana kwa ana. Kati ya watumiaji wa Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuandika huko ni asilimia 42. Mwaka 2018 mtafiti Matthes na wenzake walikusanya tafiti nyingi za nadharia hii kwa pamoja, wakakuta kwamba mtandaoni athari haijapungua ukilinganisha na nje ya mtandao. Ila nikuambie na upande wa pili: athari yenyewe kwa wastani ni ndogo. Ilikuwa na nguvu zaidi pale watu walipozungumza na ndugu, marafiki na majirani kuliko na wageni. Grupu la mtaa linaangukia hapo.

Mzee_wa_Kondoa

Wanangu hamjambo. Hili la watu kusoma tu bila kujibu linatusumbua sana. Kwenye grupu letu la mazishi tuko 130, nikiandika habari ya michango naona tiki za bluu tu. Dawa niliyoipata ni ile kura ya WhatsApp. Watu wanabonyeza bila kuandika, na majibu yanakuja haraka. Jaribuni hiyo, michango itapanda.

Kipanga_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Ahsante, ingawa mimi sitafuti namna ya kuwafanya wachangie, natafuta kujua kwa nini hawasemi. Lakini hiyo kura niliifikiria pia. Si inanipa maoni yao ya kweli kwa urahisi?

Binti_Mpwapwa

Haikupi. Mzee, shikamoo, na samahani. Kura ya WhatsApp inaonyesha majina. Mwanachama yeyote akiigusa anaona nani kachagua nini. Kwa hiyo kubonyeza pale ni kusema hadharani kwa kidole, tena mwenyekiti akishabonyeza wa kwanza wengine wanaona wapi pa kufuata. Inafaa kuonyesha jinsi upepo unavyojengeka dakika kwa dakika. Kama kipimo cha maoni ya moyoni haifai kabisa.

Maoni ya moyoni yachukue kwa fomu isiyo na jina, ya karatasi au ya kiungo kinachofunguka kwenye simu ndogo. Hapo unakutana na mtego mwingine: fomu haina jina, sasa utajuaje kama mjazaji ndiye aliyeandika kwenye grupu au ndiye aliyenyamaza? Mwulize mwenyewe kwenye fomu hiyohiyo: kwenye mjadala ule hukusema kitu, uliweka emoji tu, au uliandika maneno? Kisha linganisha jumla. Kama fomu zina watu 13 waliosema "niliandika", na mazungumzo yaliyohamishwa yana majina 10 tu, kuna angalau watatu waliojipa sauti ambayo hawakuitoa. Hilo nalo ni tokeo, liripoti.

Mama_Takwimu

Hapo binti umesema jambo zito. Tafiti za zamani ziliuliza "ungesema?" badala ya "ulisema?". Kipimo maarufu cha Noelle-Neumann kilikuwa cha kufikirika: uko kwenye treni, safari inachukua muda wa saa tano, abiria mwenzako ana msimamo fulani, je, ungependa kuzungumza naye? Watu wengi ni mashujaa kwenye safari ya kufikirika. Faida ya grupu ni kwamba kilichosemwa kimebaki kimeandikwa.

Sasa Kipanga, nikupe mfano wa kubuni uone hesabu inavyokwenda. Grupu lina watu 60, hoja ni ile ya kutoa kaya kwenye chama cha kuzikana. Fomu zimerudi 40. Wanaopinga hoja ni 25, wanaounga mkono ni 15. Kati ya wapinzani 25, watu 16 wanadhani wao ni wachache, wakati wao ndio wengi. Kati ya hao 16 waliosema ni 2. Wapinzani 9 waliojua wako wengi, 3 walisema. Upande wa wanaounga mkono, 13 wanajiona wengi na 7 wamesema, 2 wanajiona wachache na mmoja amesema.

Jumlisha kwa kuangalia wanavyojiona. Wanaojiona wachache ni 18, waliosema ni 3, sawa na asilimia 17. Wanaojiona wengi ni 22, waliosema ni 10, asilimia 45. Msomaji wa grupu ameona sauti 8 za kuunga mkono na 5 za kupinga, akaondoka akijua mtaa mzima unataka kaya zitolewe.

Usishangilie bado. Chukua watu watatu tu waliokaa kimya upande wa wachache uwape sauti, na watatu upande wa wengi wanyamaze. Unapata 6 kati ya 18 na 7 kati ya 22. Tofauti imeyeyuka. Grupu moja halitoshi, tafuta matano au sita yenye mada moja. Na wale 20 ambao fomu zao hazikurudi ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana aliyenyamaza kwenye grupu ndiye mwenye uwezekano wa kuikalia hata fomu.

Tena uliza mara mbili. Mara ya kwanza kabla hoja haijawekwa, mara ya pili siku saba baadaye. Ukiuliza baada ya mjadala peke yake, hutajua kama alinyamaza kwa kujiona mchache, au alijiona mchache kwa sababu alisoma mjadala. Neno lenyewe ni mzunguko, na mzunguko hauonekani kwa picha moja.

Binti_Mpwapwa

Mama, nakubali hesabu, lakini kuna kitu nasisitiza. Kwetu kijana akikuta mzee ameshaandika msimamo wake, hamjibu hadharani. Haogopi kutengwa, anaheshimu. Ukiingiza ukimya wake kwenye fungu la nadharia umempachika Mgogo woga wa Mjerumani. Na yupo anayeogopa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Huyo anaogopa polisi, haogopi jirani. Weka swali la sababu: "nilinyamaza kwa kuwa halinihusu, kwa kuwa mkubwa alishasema, kwa kuwa ningeonekana mbaya, kwa kuogopa sheria". Hesabu ya nadharia ifanye kwa hao wa sababu ya tatu.

Mama_Takwimu

Swali la sababu liwepo, lakini mimi nisingeliamini hivyo. Nani atakiri kwenye karatasi kwamba aliogopa? "Niliheshimu wakubwa" ni jibu safi, hata mwoga atalichukua. Njia nyingine ni kulinganisha magrupu: la mtaa lenye wazee, na la vijana wa rika moja wenye mada hiyohiyo. Ukimya ukibaki uleule pasipo mkubwa wa kuheshimiwa, heshima haitoshi kuueleza.

Binti_Mpwapwa

Lakini hata vijana wana mkubwa wao, admini. Hapo bado hujanishawishi.

Fundi_Bando

Nimesoma yote, nalegeza kidogo. Ongezeni kitu kimoja: inboksi. Wapo wanaonyamaza kwenye grupu halafu wanamwandikia admini pembeni, "mimi sikubaliani". Huyo jambo linamhusu, bando analo, na ana la kusema. Mwombe admini akuhesabie idadi tu ya ujumbe wa namna hiyo kwa siku saba, bila majina wala maneno yao. Na waliojitoa pia mwulize yeye, siku hizi mtu akiondoka taarifa inawafikia maadmini peke yao.

Mama_Takwimu

Hiyo ya inboksi ni nzuri, naichukua. Ila Kipanga, kabla ya kuhamisha mazungumzo omba ridhaa ya wanachama, siyo ya admini peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na faili lile linatoka na majina au namba za watu na kila walichoandika. Badilisha majina kuwa M01, M02, kabla hujaanza kusoma. Ujue pia kwamba ukishatangaza unachunguza nani anasema, wengine watasema zaidi na wengine watafunga kabisa. Acha wiki mbili zipite kati ya tangazo na hoja.

Kipanga_wa_Nkuhungu

Nimeandika yote. Magrupu matatu ya mtaa naweza kuyapata, mawili ya vijana bado natafuta. Mwenye grupu la rika moja pande za Kizota au Nzuguni ambalo wanachama wataridhia, aniambie hapahapa.

Mzee_wa_Kondoa

Kumbe ile kura inaonyesha majina! Basi ndiyo maana wote walibonyeza kama mwenyekiti.