Nahama kabla ya mwaka kuisha kwa sababu ya vijana wa mapanga: depositi yangu nirudishiwe au niisahau?

Mpangaji wa Mtopanga
Assalam aleikum, habari zenu. Nimepanga chumba na sebule huku Mtopanga, Mombasa, kodi 15,000, depositi 15,000. Mkataba ni wa mwaka na nimemaliza miezi saba. Tangu Juni majirani wawili wamevunjiwa, na mimi nimeporwa simu hapo nje ya geti saa kumi na moja alfajiri nikienda zamu ya hospitali. Kufuli la geti limevunjika tangu Julai, taa ya ngazi haiwaki, keateka nimemwambia hadi nimechoka. Mkataba kipengele cha 4 kinasema upande wowote ukitaka kuvunja utoe notisi ya mwezi mmoja. Kipengele cha 9 kinasema mpangaji akihama kabla ya mwaka anapoteza depositi. Je, mwenye nyumba ana haki ya kuishika?

Ploti Sita
Nina nyumba za kupangisha Changamwe, kwa hivyo nitasema upande ambao hamtaki kuusikia. Mwenye nyumba si askari. Hao vijana hakuwaleta yeye, na yeye mwenyewe huenda wamemwibia. Siku hizi kila anayetaka kukwepa mkataba ana majambazi. Mwaka jana mmoja alinililia hivyo hivyo, nikamhurumia nikamrudishia zote, na wiki haikuisha nikamkuta kahamia ploti ya jirani, tunatenganishwa na ukuta. Halafu kaniachia kuta nyeusi, nikapaka upya kwa pesa zangu. Depositi ni ya rangi, kila mtu ajua.

Mwana wa Kibokoni
Yakhe, mwanamke kaporwa alfajiri akienda kuhudumia wagonjwa, wewe watuletea habari za mtu wako wa mwaka jana! Huyo alokudanganya mtafute umwambie yeye. Dadangu, dawa ni moja. Mwezi wa mwisho usilipe kitu. Kaa, depositi iwe ndiyo kodi, siku ya thelathini beba vyombo vyako. Mimi nimefanya hivyo nyumba tatu na sijawahi kudai wala kudaiwa.

Karani wa Tononoka
Ndugu yangu wa Kibokoni, kwako limepita, lakini usimpe mwenzio ushauri huo bila kumwambia hatari yake. Nimefanya kazi afisi ya wakili miaka kumi na moja na hizi kesi nimezipiga chapa kwa mikono yangu. Ukiacha kulipa, wewe ndiwe uliyevunja mkataba kwanza, na malimbikizo ya kodi yanampa mwenye nyumba njia ya kumtuma dalali wa mnada aje kukamata vyombo. Kama ni kukatana, mkatane kwa makubaliano yaliyoandikwa, si kwa kunyamaza.

Dada, sasa nikujibu. Usiiandike barua yako juu ya vijana wa mapanga, utashindwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu, lakini utulivu huo ni wa kutosumbuliwa na mwenye nyumba mwenyewe au mtu aliyepata haki kupitia kwake. Mwizi wa barabarani hayumo. Ndiyo maana wapangaji wengi husimama mbele ya hakimu na hadithi ya kweli kabisa na bado wakaanguka.

Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka mwenye nyumba, pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, azitunze sehemu za pamoja: paa, kuta za nje, njia na vifaa vinavyotumiwa na wote. Geti ni lenu nyote. Taa ya ngazi ni yenu nyote. Hapo ndipo penye nguvu yako. Andika kwamba kufuli limevunjika tangu Julai, taja siku ulizomwambia keateka, kisha useme kilichofuata. Mapanga yaje mwisho kama matokeo, yasiwe ndiyo madai.

Fundi Rangi Likoni
Mimi naomba nirudi kwa Ploti Sita. Umesema depositi ni ya rangi. Nimepaka nyumba za kupanga miaka mingi, nikuulize: mpangaji aliyekaa miaka minne, rangi imechakaa yenyewe, kwa nini alipe yeye? Na huku kwetu pwani ukuta unatoa chumvi. Unaona rangi inavimba na kumenyeka chini karibu na sakafu, ukigusa unga mweupe unabaki kidoleni. Hiyo si kazi ya mpangaji, ni unyevu unaopanda kutoka chini. Nimeitwa mara nyingi nipake juu ya chumvi hiyo hiyo, mpangaji akakatwa, na baada ya miezi mitatu ukuta umemenyeka tena akiwa ameingia mpangaji mpya.

Ploti Sita
Fundi, mimi sizungumzii chumvi, nazungumzia masizi ya jiko la makaa ndani ya sebule na michoro ya watoto hadi darini. Na mikataba yangu yote inasema nyumba irudi na rangi kama ilivyopokelewa. Mtu ametia sahihi mwenyewe.

Fundi Rangi Likoni
Masizi ni ya mpangaji, hapo sikubishii. Lakini kata kilichoharibika. Chumba na sebule, ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya maji yatosha mipako miwili, kazi ya siku mbili. Kama masizi yako ukuta mmoja, ni ukuta mmoja. Wenye nyumba wananiita nipake ukuta mmoja, kisha wananiomba risiti ya nyumba nzima. Nimekataa, na kazi nimekosa.

Mama wa Watatu
Fundi umenigusa. Mimi nilikatwa depositi yote Kiembeni kwa sababu ya matundu ya misumari sita ya mapazia. Misumari sita! Naomba kuuliza, mimi sina mkataba wa maandishi, nalipa kwa M-Pesa tu kila tarehe 5. Ina maana sina haki?

Karani wa Tononoka
Mama, unayo. Penye kodi ya kila mwezi bila muda uliowekwa, sheria inakuhesabu mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi haipungui kipindi hicho, yaani mwezi. Ujumbe wako wa M-Pesa wa siku uliyolipa depositi ndio risiti yako, uchapishe uuweke.

Dada wa Temeke
Mimi niko Dar. Nyie mnagombania mwezi mmoja? Huku kodi ya miezi sita inatolewa mkononi kabla hujapewa ufunguo, na dalali anachukua yake ya mwezi mzima. Ukikimbia vibaka mwezi wa pili, zile nne zimekwenda. Mwenye nyumba wangu alinijibu, "Pesa nimeshaezekea." Huyo dada adai kodi yake iliyobaki kabla ya depositi.

Mpangaji wa Mtopanga
Dada wa Temeke pole sana, lakini mimi hulipa kila mwezi, sina kodi iliyobaki kwake. Ni depositi tu. Na Ploti Sita, mzee wangu, sikukwepi mkataba. Tangu ile alfajiri natembea nimeshika funguo katikati ya vidole. Nimelipa kodi kabla ya tarehe 5 miezi yote saba. Neno lako la "kila mtu ana majambazi" limeniuma.

Ploti Sita
Binti yangu, nimekusikia. Nilimsema yule, sikukusudia wewe. Lakini kipengele cha 9 umetia sahihi, na hilo halijajibiwa na mtu hapa. Watu wamekimbilia rangi.

Mwana wa Kibokoni
Uliyeileta rangi ni wewe. Na yeye aende Mahakama ya Kodi za Nyumba wamkomeshe.

Karani wa Tononoka
Ile hushughulikia nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani sana. Ya 15,000 haimo. Yeye njia yake ni Mahakama ya Madai Madogo: madai yasiyozidi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Adai fedha zake zilizoshikwa, asidai mambo ya nyumba, asije akaambiwa amekosea mlango.

Kipengele cha 9, Ploti Sita ana haki kukiulizia. Vipengele viwili vinapigana. Cha 4 kinamruhusu kutoka kwa notisi, cha 9 kinamwadhibu kwa kutoka. Palipo na utata, desturi ya mahakama ni kuusoma mkataba dhidi ya aliyeuandika, na aliyeuandika ni mwenye nyumba. Ningeisimamia hoja hiyo. Lakini nimeona mahakimu wawili wakisoma maneno ya namna moja na kuamua tofauti, kwa hivyo asiende akidhani ameshashinda. Elfu kumi na tano kwa barua nzuri ni bora kuliko kwa kesi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Notisi ya mwezi chini ya kipengele cha 4. Geti na taa, na tarehe. Nambari ya OB ya kuporwa simu. Kama hukuripoti, nenda kituoni leo. Sema mwezi huo utalipa kodi na utaruhusu watu waje kuiona nyumba. Omba mkague nyumba pamoja siku ya kurudisha funguo, yeye au keateka, kila dosari iandikwe na wote wawili mtie sahihi, na atakachokata akionyeshe kwa risiti. Picha za kuta zipige sasa, vyombo vikiwa ndani, kisha tena nyumba ikiwa tupu.

Ploti Sita
Hiyo ya watu kuja kuiona ndiyo itakayomlainisha. Mimi hofu yangu kubwa si rangi, ni nyumba kulala tupu miezi miwili. Akinipatia mtu wa kuingia, sina sababu ya kumshikia pesa. Ila asimfiche huyo mtu habari za geti.

Mama wa Watatu
Na mimi misumari yangu sita?

Mpangaji wa Mtopanga
Nimerudi baada ya siku tisa. Barua nilimpelekea kwa mkono, nikampigia picha akiishika. Jioni yake fundi akaja kuweka kufuli jipya. Taa bado. Jana kanipigia, anasema atarudisha nusu, na nusu nyingine "nyumba ikipata mtu". Kuhusu rangi, anasema ukuta wa chumbani umeharibika. Fundi Rangi, ni ule wa chini, unamenyeka karibu na sakafu, na nikipangusa unabaki unga.

Karani wa Tononoka
"Ikipata mtu" haina mwisho. Mjibu kwa maandishi leo: nusu siku ya funguo, nusu siku ya mtu kuingia au siku 30 baada ya funguo, itakayotangulia. Na kufuli jipya lipige picha pamoja na tarehe. Geti lenye kufuli zima halitiwi kufuli jipya.

Fundi Rangi Likoni
Dada, tuma picha ya ukuta huo, na ya ukuta wa nje upande wa pili. Kama na huko kuna alama ya maji, nitakuandikia kwa jina langu kwamba ni chumvi.